Windows inapoganda katikati ya usakinishaji: kusoma logi hadi kukipata chanzo

Asilimia imefika 38 na haisogei. Vidoti vinazunguka, feni inavuma, saa nzima imepita. Wengi hapo huzima kompyuta kwa nguvu na kuanza upya, kisha wakikwama tena wanaanza upya mara ya tatu. Kila ukizima hivyo unapoteza ushahidi, kwa sababu wakati kompyuta imeganda ndipo mengi ya kujua chanzo yanaonekana. Kisakinishi cha Windows huandika karibu kila hatua kinayopitia kwenye faili za logi, na unaweza kuzifungua papo hapo, bila kusubiri usakinishaji uishe.

Mwongozo huu unahusu kusakinisha Windows 10 au 11 upya kutoka kwenye flashi, kwenye diski iliyo tupu au iliyofutwa.

Jua kwanza umekwama hatua ipi

Usakinishaji una awamu mbili zinazotofautiana kabisa, na kila moja ina magonjwa yake.

Awamu ya kwanza ni kuanzia unapowasha kwa flashi hadi kompyuta inapojiwasha upya kwa mara ya kwanza. Hapa Windows ndogo inayoitwa Windows PE imepakiwa kutoka kwenye flashi na kukaa kwenye RAM, nayo hujipa herufi ya `X:`. Kazi kubwa ya awamu hii ni moja: kufungua faili moja nene iliyo kwenye flashi, `install.wim` au `install.esd` ndani ya folda ya `sources`, na kumwaga yaliyomo kwenye diski. Data inasomwa kutoka kwenye flashi, inafumuliwa kwenye RAM, inaandikwa kwenye diski. Kwa hiyo ukiganda hapa, washukiwa ni watatu tu kwa kawaida: flashi (pamoja na tundu lake), RAM, au diski.

Awamu ya pili huanza baada ya kujiwasha upya, pale skrini inapoandika `Getting devices ready`. Sasa Windows inaendeshwa kutoka kwenye diski na inatambua vifaa kimoja kimoja na kuviwekea draiva. Ukiganda hapa, mshukiwa wa kwanza ni kifaa au draiva yake. Flashi haina tena sehemu kubwa katika jambo hili.

Ndiyo maana swali la kwanza la kujiuliza ni kama kompyuta ilikuwa imeshajiwasha upya au bado.

Je, imeganda kweli au inakwenda polepole?

Kabla ya kutafuta kosa, hakikisha kosa lipo. Flashi ya zamani kwenye tundu la USB 2.0 pamoja na diski ya kuzunguka inaweza kukaa kwenye asilimia moja kwa dakika nyingi huku kazi ikiendelea vizuri.

Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kiini cha mfumo bado kiko hai. Taa isipobadilika na kishale cha kipanya hakisogei, mashine yote imesimama, na hapo huwezi kusoma chochote. Ruka hadi sehemu ya kusoma logi baada ya kuzima.

Kama mfumo uko hai, bonyeza Shift+F10. Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato itabidi uongeze kitufe cha Fn. Dirisha jeusi la amri litafunguka juu ya kisakinishi. Katika awamu ya kwanza programu ya dirisha hilo iko kwenye `X:`, yaani kwenye RAM, kwa hiyo hufunguka hata kama flashi imekufa au diski imekwama. Hilo ndilo linaloifanya iwe chombo kizuri cha uchunguzi.

Herufi za diski ndani ya Windows PE hazifuati zile ulizozoea, basi anza kwa kuzitambua:

```
diskpart
list volume
exit
```

Tazama ukubwa na aina ya mfumo wa faili. Flashi ya GB 16 utaitambua kwa ukubwa wake, na kizigeu kikubwa cha NTFS ndicho Windows inakowekwa. Ndani ya `diskpart` usiandike kitu kingine zaidi ya hayo mawili, maana amri kama `clean` hufuta diski bila kuuliza mara ya pili. Katika mifano inayofuata, `C:` ni diski inayosakinishwa na `D:` ni flashi.

Sasa andika:

```
dir C:\ /a
```

Mstari wa mwisho utaonyesha nafasi iliyobaki, ukiishia na `bytes free`. Iandike namba hiyo kwenye karatasi, subiri dakika tatu, rudia amri. Nafasi ikiwa imepungua, data inaendelea kuingia kwenye diski na hakuna kilichoganda. Acha kazi iendelee. Ikibaki ileile baiti kwa baiti baada ya kupima mara tatu au nne, kweli kumesimama.

Nasisitiza kipimo hiki kuliko kutazama logi peke yake. Wakati wa kumwaga `install.wim`, kisakinishi huandika mistari michache sana, kwa hiyo logi kukaa kimya robo saa haina maana kwamba kazi imesimama. Ukubwa wa faili ya logi unaoonyeshwa na `dir` nao si wa kutegemea, kwani faili ikiwa bado wazi, NTFS huweza kuchelewa kusasisha namba hiyo. Nafasi iliyobaki kwenye diski haina tatizo hilo.

Kipimo cha mwisho kabla ya logi ni flashi yenyewe:

```
dir D:\sources
```

Orodha ikija mara moja, flashi bado inajibu. Dirisha likinata bila kurudisha kitu, au likasema `The device is not ready`, umeshapata jibu: flashi imejitoa. Dirisha likinata, liache na ubonyeze Shift+F10 tena upate jingine.

Hapa pia ndipo inapoeleweka kwa nini kompyuta "huganda" badala ya kutoa kosa mara moja. Sehemu ya flashi au diski inaposhindwa kusomeka, draiva haikati tamaa. Huomba tena na tena, kila ombi likisubiri muda wake uishe. Kisakinishi hakijui lolote, kimekaa kinangoja. Ukivumilia, mara nyingi ujumbe wenye namba ya kosa hatimaye hutokea. Kwa hiyo, ukiwa na muda, iache hata saa moja: namba hiyo ina thamani.

Logi ziko wapi

Mahali pa logi hubadilika kadiri usakinishaji unavyosonga. Mwanzoni, kabla diski haijachaguliwa, huandikwa kwenye `X:`. Diski ikishapatikana, huhamia kwenye folda iliyofichwa ya `C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther`. Baada ya kujiwasha upya, huwa kwenye `C:\Windows\Panther`. Badala ya kukariri, tafuta:

```
dir X:\setupact.log /a /s
dir C:\setupact.log /a /s
```

Zikitokea zaidi ya moja, anza na ile yenye tarehe na saa ya karibuni.

Faili ni mbili zinazokwenda pamoja. `setupact.log` ina kila kitendo, na `setuperr.log` ina makosa tu. Kishawishi ni kufungua ile ya makosa kwa kuwa ni fupi, lakini ndiyo inayopotosha zaidi. Hata usakinishaji uliofanikiwa kabisa unaweza kuacha mistari kadhaa ndani yake: kifaa ambacho hakipo, faili ya hiari isiyopatikana. Mtu akichukua mstari wa kwanza wa makosa na kuutafuta mtandaoni, anaweza kuhangaikia jambo lisilohusika siku nzima. Tumia `setuperr.log` kukupa saa ya kosa, kisha usome kilichotangulia na kilichofuata kwenye `setupact.log`.

Fungua nakala, usifungue faili halisi:

```
copy C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther\setupact.log X:\a.log
notepad X:\a.log
```

Kusoma kuanzia mwisho

Bonyeza Ctrl+End uende chini kabisa. Kila mstari una sehemu nne kwa mpangilio uleule: tarehe na saa, kisha kiwango (`Info`, `Warning` au `Error`), kisha kifupi cha sehemu ya kisakinishi iliyoandika, kisha ujumbe wenyewe.

Soma saa ya mstari wa mwisho na uilinganishe na saa ya sasa ya Windows PE:

```
time /t
```

Usitumie saa ya ukutani wala ya simu. Windows PE huweza kufuata ukanda mwingine wa saa, na tofauti ya saa nyingi itakufanya udhani logi ni ya jana.

Panda juu kutoka mstari wa mwisho hadi ukute `Error`. Unachotafuta ni kosa lililo karibu na wakati wa kuganda, na hasa namba inayoanza na `0x8007`. Namba za kundi hili zina siri nzuri: tarakimu nne za mwisho ni namba ya kawaida ya kosa la Windows, na kompyuta yoyote ya Windows inaweza kukutafsiria. Ukikuta `0x80070570`, fungua dirisha la amri uandike:

```
set /a 0x570
net helpmsg 1392
```

Amri ya kwanza inageuza 570 ya mfumo wa kumi na sita kuwa 1392. Ya pili inajibu kwamba faili au folda imeharibika na haisomeki. Huhitaji jedwali la mtu yeyote.

Kwenye awamu ya kwanza, namba zinazorudi mara kwa mara ni chache. `0x8007045D` ni kosa la kusoma au kuandika kwenye kifaa chenyewe: flashi, kebo ya diski, tundu au diski. `0x80070017` ni kwamba data iliyosomwa haikupita ukaguzi wake, na mara nyingi ni flashi. `0x80070570` na `0x8007025D` zina maana kwamba data ilifika, lakini ilipofumuliwa ikakutwa imeharibika. Hizi mbili ndizo zenye hila, kwa sababu uharibifu unaweza kuwa umetokea wakati wa kupakua ISO, wakati wa kuandika flashi, au sasa hivi ndani ya RAM. `0x80070070` ni nyepesi: diski imejaa.

Namba inakuambia data iliharibika. Haikuambii iliharibikia wapi. Hapo ndipo unapohitaji kulinganisha majaribio.

Mfano: asilimia inayohama

Chukua kompyuta mpakato yenye vijiti viwili vya RAM na diski ya SSD. Jaribio la kwanza limeganda kwenye asilimia 38. Shift+F10 inafanya kazi, nafasi ya `C:` haibadiliki baada ya vipimo vitatu, na `dir D:\sources` inajibu upesi. Baada ya kusubiri, ujumbe unatokea ukiwa na `0x80070570`, na logi ina namba hiyohiyo dakika hiyohiyo.

Mtu wa haraka angesema ISO ni mbovu na kwenda kupakua upya. Inawezekana, lakini kuna jambo la kupima kwanza. Jaribio la pili, kwa flashi ileile na tundu lilelile, linasimama kwenye asilimia 61. La tatu, kwenye 44. Namba ya kosa ni ileile mara zote.

Faili ikiwa mbovu kwenye flashi, ubovu uko mahali pamoja, na kisakinishi kitaufikia mahali palepale kila mara, au karibu sana napo. Kosa linapohama namna hii, linatokea njiani: tundu la USB lisilotulia, au RAM.

Ili kuiondoa flashi kwenye orodha, inapelekwa kwenye kompyuta nyingine nzima. ISO asilia inafunguliwa kwa kubofya mara mbili ili ipate herufi yake, tuseme `F:`, na flashi ni `E:`. Kisha:

```
certutil -hashfile F:\sources\install.wim SHA256
certutil -hashfile E:\sources\install.wim SHA256
```

Kama faili yako ni `install.esd`, badilisha jina. Kama umeandika flashi sasa hivi, ichomoe na kuichomeka tena kabla ya kupima, la sivyo Windows inaweza kusoma nakala iliyobaki kwenye RAM na kukupa jibu zuri la uongo. Tofauti ya herufi moja tu katika alama ndefu zinazotolewa na amri hizo mbili ina maana kwamba flashi iliandikwa vibaya. Amri ikikatika kwa kosa la kusoma, flashi imechoka. Na ISO yenyewe hupimwa kwa namna hiyohiyo dhidi ya alama ambazo Microsoft huchapisha kwenye ukurasa wa kupakulia.

Kwenye mfano huu alama zinalingana. Flashi inahamishiwa tundu la upande wa pili wa kompyuta, na jaribio la nne linasimama kwenye asilimia 52. Kilichobaki ni RAM. Kijiti kimoja kinatolewa na usakinishaji unaanza: unafika mwisho. Kwa uhakika, kijiti kilichotolewa kinarudishwa peke yake na kupimwa kwa MemTest86. Makosa mekundu yanaanza kuonekana.

Watu hushangaa kwa kuwa kompyuta hiyo "ilikuwa inafanya kazi vizuri" na Windows ya zamani. Kazi za kawaida huweza kupita siku nzima bila kugusa eneo bovu la RAM, au zikaligusa na kuharibu rangi ya picha moja ambayo hakuna atakayeiona. Kufumua faili ya GB kadhaa huku kila kipande kikikaguliwa ni mtihani mkali zaidi, na biti moja iliyogeuka inatosha kuangusha yote.

Kinyume chake, kama majaribio yote yangesimama kwenye asilimia ileile, ningeanza na alama za `certutil`. Na kama nafasi ya `C:` imesimama, flashi inajibu, na kosa ni `0x8007045D`, ningeitilia shaka diski. Kama haina data unayoihitaji, ifanyie fomati kamili badala ya ile ya haraka, kwa kuwa fomati kamili hukagua kila sekta. Ikikwama pia, au ikichukua muda usio wa kawaida kwa ukubwa wake, badilisha diski. Usiendelee kuibembeleza.

Ukiganda baada ya kujiwasha upya

Hapa logi yenye thamani ni nyingine: `C:\Windows\INF\setupapi.dev.log`. Kila kifaa kina aya yake, na mpangilio wake ni rahisi kuufuata kwa macho:

```
>>>  [Device Install (...) - PCI\VEN_10EC&DEV_...]
>>>  Section start ...
     ...
<<<  Section end ...
<<<  [Exit status: SUCCESS]
```

Aya inafunguliwa kwa `>>>` na kufungwa kwa `<<<`. Mistari yenye `!!!` ni makosa, yenye `!` ni maonyo. Nenda mwisho wa faili. Aya ya mwisho ikiwa imefunguliwa na haina `<<<`, kifaa kilichotajwa humo ndicho kilichokuwa kinashughulikiwa mashine iliposimama.

Mtengenezaji wa kifaa anajulikana kwa tarakimu zilizo baada ya `VEN_`: `8086` ni Intel, `10DE` ni NVIDIA, `1002` ni AMD, `10EC` ni Realtek. Aya ikianza na `USB\` badala ya `PCI\`, huenda ni kitu ulichochomeka mwenyewe: printa, kadi ya mtandao, kamera.

Dawa inafuata aina ya kifaa hicho. Cha USB kichomoe. Kwa kweli ni vizuri kuacha kibodi, kipanya na flashi tu tangu mwanzo. Kilicho ndani, kama kadi ya mtandao au ya sauti, kizime kwenye mipangilio ya BIOS ikiwa inaruhusu, sakinisha, kisha ukiwashe na kukiwekea draiva kutoka kwa mtengenezaji. Pia jaribu kusakinisha bila mtandao, ili Windows isipakue draiva katikati ya kazi.

Kama ulilazimika kuzima

Washa tena kwa flashi, na skrini ya kwanza ya kuchagua lugha ikitokea usibofye chochote, bonyeza Shift+F10. Logi za awali bado ziko kwenye `C:` alimradi hujaifuta. Ukiendelea hadi kuchagua kizigeu na kukifomati, zimepotea. Zinakili kwanza kwenye flashi nyingine, si ile unayoishuku. Ikiwa flashi hiyo imepata `E:`:

```
xcopy C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Panther E:\logi1 /s /h /c /i
xcopy C:\Windows\Panther E:\logi2 /s /h /c /i
copy C:\Windows\INF\setupapi*.log E:\
```

Amri mojawapo ikisema njia haipo, ni kwa sababu usakinishaji haukufika awamu hiyo. Endelea na nyingine.

Zisome ukijua kuwa zina pengo. Mistari ya mwisho kabisa huenda ilikuwa bado kwenye RAM umeme ulipokatwa na haikuwahi kuandikwa kwenye diski. Kwa hiyo aya ya mwisho iliyofungwa vizuri haimaanishi kwamba kifaa kile ndicho kilichoua kazi. Kinachofuata kinaweza kuwa ndicho. Hapa kurudia kunasaidia: kama majaribio mawili yameishia kwenye kifaa kimoja, kishuku hicho na kile kinachokifuata.

Na kama logi za majaribio mawili zinaishia mahali tofauti kabisa, bila kosa lolote, huku taa ya Caps Lock ikiwa imekufa mara zote mbili, acha kutafuta kwenye maandishi. Logi iliyokatika katikati ya kazi ya kawaida ni dalili ya mashine iliyosimama yenyewe: RAM, joto au umeme. Rudisha mipangilio ya BIOS kuwa ya kiwandani, hasa kama RAM iliongezewa kasi, safisha vumbi kwenye feni, pima RAM kijiti kimoja kimoja, na kwenye kompyuta ya mezani jaribu kigavi kingine cha umeme.